Faida Isiyoshikika: Kampuni Tanzu ya Dar Inapohesabiwa Nairobi

Mwaka 2023 ulikuwa mbaya kwa shilingi ya Kenya. Ilianza Januari ikibadilishwa takriban 123 kwa dola moja, na hadi Desemba inakwisha ilikuwa imeteleza mpaka zaidi ya 156. Shilingi ya Tanzania nayo ilipungua thamani mwaka huo, ila kwa mwendo wa pole. Ukizipima hizo mbili zenyewe kwa zenyewe, dola ukaiweka kando, utaona kwamba shilingi elfu moja za Tanzania, ambazo mwanzoni mwa mwaka zilipata kama shilingi 53 za Kenya, mwishoni zilipata kama 62.

Kwa mfanyabiashara wa Namanga hiyo ni habari ya siku moja. Kwa mhasibu wa kampuni ya Nairobi inayomiliki kampuni tanzu Dar es Salaam, ni kitendawili cha mwaka mzima. Yeye hutakiwa kutoa hesabu za kundi lote zikiwa zimeunganishwa katika sarafu moja, shilingi ya Kenya. Anapozigeuza hesabu za Dar, anakuta mali ya kundi imeongezeka kwa mamilioni ambayo hakuna aliyeyauza, aliyeyakusanya wala aliyeyapeleka benki. Akiyaandika kama faida, wenye hisa watauliza gawio liko wapi. Akiyaacha nje, mizania haitakaa sawa.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini kwa viwango vinavyokaribia vile vya kweli, nikiwa nimeondoa tu desimali. Kampuni ya Nairobi inafungua kampuni tanzu Dar tarehe 1 Januari 2023 kwa mtaji wa shilingi za Tanzania bilioni 10. Siku hiyo elfu moja ni 53 za Kenya, kwa hiyo Nairobi imetoa milioni 530 za kwao. Mwaka unapita. Dar inapata faida ya bilioni 2 za Tanzania, haitoi gawio, na inafunga mwaka ikiwa na mali halisi, yaani mali ikishatolewa madeni, ya bilioni 12. Huko Dar hakuna la ajabu: kumi ukijumlisha mbili ni kumi na mbili.

Ajabu huanza hesabu hizo zinapovuka mpaka, kwa sababu hazigeuzwi zote kwa kiwango kimoja. Mali na madeni hugeuzwa kwa kiwango cha siku ya kufunga mwaka. Mapato na matumizi hugeuzwa kwa kiwango cha siku yalipotokea. Na kwa kuwa hakuna anayeweza kutafuta kiwango cha kila risiti, hutumika wastani wa mwezi au wa mwaka, mradi sarafu haikuyumba kupita kiasi. Mtaji hubaki kwa kiwango cha siku ulipotolewa. Kila kanuni ina mantiki yake, lakini viwango vitatu tofauti katika hesabu moja haviwezi kuacha pande mbili zikiwa sawa.

Mali halisi ya bilioni 12, kwa kiwango cha kufunga cha 62, ni milioni 744 za Kenya. Mtaji ni milioni 530. Faida ya bilioni 2, kwa wastani wa mwaka ambao ulikuwa kama 58, ni milioni 116. Mtaji na faida kwa pamoja ni milioni 646. Zinabaki milioni 98 zisizo na mwenyewe.

Hizo ndizo tofauti ya ugeuzaji, na mhasibu makini anaweza kueleza zimetoka wapi mpaka shilingi ya mwisho. Bilioni 10 za mwanzo zilipanda kutoka 53 hadi 62 kwa kila elfu, yaani 9, na hiyo inaleta milioni 90. Faida ya bilioni 2 iliingizwa kwa 58 lakini mwishoni inahesabiwa kwa 62, na hiyo inaleta milioni 8 nyingine. Tisini na nane jumla.

Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 21, kinachofuatwa Kenya na Tanzania, kinajibu bila kigugumizi swali la wapi ziandikwe. Milioni 98 haziingii kwenye faida ya mwaka. Zinaandikwa chini ya mstari wa faida, katika sehemu inayoitwa mapato mengine, kisha zinalimbikizwa ndani ya mtaji wa wanahisa kwenye akiba yake ya peke yake. Wenye hisa wanaziona na thamani ya kundi inaongezeka, lakini faida kwa kila hisa haiguswi.

Sababu yake ni ya kiuchumi. Shilingi ya Kenya ilipoanguka, kampuni ya Dar haikuuza zaidi. Wateja wake wanalipa kwa shilingi ya Tanzania, wafanyakazi wake wanalipwa kwa shilingi ya Tanzania, na kodi ya pango ni ileile. Fedha inazozikusanya na zile inazozitoa hazikubadilika kwa sababu ya kilichotokea Nairobi. Kubadilika kwa kiwango kuna athari ndogo mno, au haina kabisa, kwenye mtiririko wa fedha za biashara hiyo, na kwa hiyo kuiita faida ya utendaji ni kumpotosha msomaji.

Jambo hili halikukubaliwa kwa urahisi. Mwaka 1975 bodi inayotunga kanuni za uhasibu Marekani ilitoa Tamko namba 8, lililoagiza kinyume: tofauti ziende moja kwa moja kwenye faida, tena kila robo mwaka. Tamko hilo pia liligeuza majengo na bidhaa za ghalani kwa viwango vya zamani, huku madeni yakigeuzwa kwa kiwango cha leo. Dola ilipodhoofika miaka hiyo ya sabini, kampuni ya Kimarekani yenye kiwanda Ujerumani ikawa inaonyesha hasara, kwa kuwa deni la kiwanda kwa marki lilionekana kuwa kubwa zaidi likihesabiwa kwa dola, ilhali kiwanda chenyewe, ambacho nacho kilikuwa kimepanda kwa hesabu hiyohiyo, kiliachwa kwenye bei ya zamani. Sarafu ya kampuni tanzu inapanda, mama anaandika hasara! Wakurugenzi wakaanza kununua mikataba ya kubadilisha fedha kwa bei iliyopangwa mapema ili kuzuia hasara za kwenye karatasi, na gharama ya mikataba hiyo ilikuwa fedha taslimu, ya kweli kabisa.

Malalamiko yalikuwa makubwa hata bodi ikageuza msimamo Desemba 1981 kwa Tamko namba 52, ambalo lilileta utaratibu ninaoueleza hapa. Lilipita kwa kura nne dhidi ya tatu. Hizo kura tatu si za kupuuzwa, na tutaona mbele kwa nini.

Kwanza turudi Dar, mwaka 2024. Shilingi ya Kenya ilifanya jambo ambalo wachache walilitarajia: ikarudi kwa nguvu, kutoka 156 hadi karibu 129 kwa dola. Dhidi yake, elfu moja ya Tanzania ikashuka kutoka 62 hadi kama 54, na wastani wa mwaka ukawa kama 52. Kampuni yetu ya Dar imefanya kazi ileile na kupata faida ileile ya bilioni 2, na mali halisi sasa ni bilioni 14. Nairobi inaigeuza kwa 54 na kupata milioni 756. Mwaka uliotangulia ilikuwa 744, na faida ya mwaka huu, kwa 52, ni milioni 104. Jumla ya hizo mbili ni 848, wakati mali ni 756 tu. Tofauti safari hii ni hasara ya milioni 92.

Weka miaka miwili pamoja: ongezeko la 98, pungufu la 92, imebaki milioni 6. Kama tofauti hizi zingeingia kwenye faida, kundi lingejigamba mwaka 2023 kwa faida ya milioni 214 kutoka Dar, na mwaka 2024 lingetangaza faida ya milioni 12 tu. Meneja wa Dar angepewa bonasi mwaka mmoja na barua ya onyo mwaka unaofuata, naye hakufanya chochote tofauti. Sioni hoja inayotetea akiba ile vizuri kuliko miaka hiyo miwili.

Ila angalia jambo dogo ambalo hupita bila kuonwa. Faida yenyewe ilishuka kutoka milioni 116 hadi 104 ingawa kwa shilingi ya Tanzania haikusogea. Wastani wa mwaka umeigusa faida moja kwa moja, na hapo hakuna akiba ya kuikinga. Ndiyo maana kampuni kubwa hutangaza ukuaji mara mbili, mmoja kwa viwango vilivyokuwepo na mwingine kana kwamba viwango havikubadilika. Msomaji anayetaka kujua kama biashara imekua kweli asome ule wa pili.

Mpaka hapa nimechukulia kwamba sarafu ya kampuni ya Dar ni shilingi ya Tanzania. Huo ni uamuzi, na ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika suala hili, kwa sababu ndio unaoamua tofauti iende wapi. Kinachotazamwa ni sarafu inayoongoza bei za kuuzia na gharama za kufanyia kazi, bila kujali bendera iliyoko getini. Mgodi wa shaba ulioko Katanga huuza kwa dola, hukopa kwa dola na hununua mitambo kwa dola. Sarafu yake ya utendaji huwa dola hata kama mishahara mingine inalipwa kwa faranga ya Kongo. Na ofisi ya Dar ambayo kazi yake ni kuuza bidhaa zinazoletwa na mama yake kutoka Nairobi, kwa bei zilizopangwa Nairobi, na kila ijumaa inarudisha makusanyo Nairobi, haina maisha yake yenyewe. Ni mkono wa mama, na sarafu yake ni ya mama. Kwa ofisi ya namna hiyo, fedha na madeni hugeuzwa kwa kiwango cha leo, bidhaa na majengo hubaki kwa kiwango cha siku ziliponunuliwa, na tofauti inayopatikana inaingia kwenye faida au hasara ya mwaka.

Kwa hiyo tukio lilelile, sarafu ileile kushuka kwa kiasi kilekile, huandikwa kwenye faida kwa kampuni moja na kwenye akiba kwa jirani yake. Wakurugenzi hawana ruhusa ya kuchagua wanapopapenda. Hali halisi ya biashara ndiyo inayosema, na ikishasema, haibadilishwi mpaka biashara yenyewe ibadilike. Ukiona kampuni imebadili sarafu ya utendaji ya kampuni tanzu katika mwaka uleule sarafu ya huko ilipoanguka, soma maelezo yake mara mbili.

Mlango mwingine ambao hasara hupenda kuutokea ni mkopo wa ndani. Tuseme Nairobi iliikopesha Dar milioni 100 za Kenya mwanzoni mwa 2024. Kwa Dar hilo ni deni la fedha za kigeni. Kwa kiwango cha 62 lilikuwa karibu bilioni 1.61 za Tanzania. Kwa 54 limekuwa karibu bilioni 1.85. Dar imepata hasara ya kama milioni 240, na ni hasara ya kweli, maana itahitaji kukusanya shilingi nyingi zaidi kutoka kwa wateja wake ili ilipe. Hesabu za kundi zinapounganishwa, mkopo wenyewe unafutika kwa kuwa mtu hajidai mwenyewe, lakini hasara ya kiwango haifutiki. Inabaki kwenye faida na hasara ya kundi.

Isipokuwa kwa sharti moja. Kama mkopo huo haukupangiwa kulipwa wala hautarajiwi kulipwa kwa siku zinazoonekana mbele, unahesabiwa kuwa sehemu ya uwekezaji wa mama ndani ya tanzu, na katika hesabu za kundi tofauti yake inahamia kwenye akiba. Katika vitabu vya Dar vyenyewe inabaki kwenye hasara palepale. Kanuni hii ina haki yake, lakini hujaribiwa sana. Kiwango kikienda vibaya, mkopo uliokuwa na ratiba ya marejesho hugeuka ghafla kuwa wa kudumu. Mkaguzi hatosheki na barua ya bodi. Anafungua taarifa za benki kuona kama kuna awamu zilizolipwa mwaka huo. Deni linalolipwa kila robo mwaka haliwezi kuitwa la kudumu.

Kosa lililo la kawaida zaidi, hata hivyo, halina hila yoyote. Ni uvivu. Kwa kuwa tofauti ya ugeuzaji ndiyo inayosawazisha pande mbili, kuna wahasibu wanaoipata kwa kutoa tu: kilichobaki ndicho hicho, kiandikwe. Njia hiyo huleta jibu sahihi siku ambayo kila kitu kingine ni sahihi. Siku ambayo kuna mtu aligeuza faida ya miaka ya nyuma kwa kiwango cha leo badala ya kuiacha ilivyokuwa, au salio kati ya mama na tanzu halikulingana, kosa humezwa ndani ya tofauti hiyo na mizania inakaa sawa kana kwamba hakuna kitu. Dawa ni ile hesabu ya pili niliyoonyesha juu: mali halisi ya mwanzo mara mabadiliko ya kiwango, ukijumlisha faida ya mwaka mara tofauti ya wastani na kiwango cha kufunga. Kwa mwaka 2024 ni bilioni 12 mara pungufu la 8 kwa kila elfu, yaani hasara ya milioni 96, na bilioni 2 mara ongezeko la 2, yaani milioni 4. Jumla ni hasara ya 92. Njia mbili zikikutana, lala usingizi. Zisipokutana, kuna kitu kimejificha humo.

Sasa zile kura tatu. Sarafu za Kenya na Tanzania zilikwenda na kurudi, na akiba ilipanda na kushuka mpaka karibu na sifuri. Lakini kuna sarafu zinazokwenda bila kurudi. Desemba 2015 Sudan Kusini iliiachia pauni yake, nayo ikaanguka kutoka chini ya 3 kwa dola hadi kama 18 kwa mara moja, na baadaye ikaendelea kuteremka. Benki za Kenya zilikuwa na kampuni tanzu huko. Mfumuko wa bei ukizidi kiasi hicho, kanuni hubadilika: hesabu za tanzu husahihishwa kwanza kwa kipimo cha bei, ndipo zote zigeuzwe kwa kiwango cha kufunga. Lakini hata bila mfumuko wa kutisha, sarafu inayopoteza kidogo kila mwaka kwa miaka kumi hutengeneza akiba yenye alama ya kutoa inayokua kimya chini ya mstari wa faida, bila kichwa cha habari hata kimoja.

Kimya hicho huvunjika siku kampuni tanzu inapouzwa. Hapo kanuni inaamuru limbikizo lote litolewe kwenye mtaji na kupitishwa kwenye faida na hasara ya mwaka huo. Benki ya Barclays ya Uingereza inajua. Ilinunua sehemu kubwa ya Absa ya Afrika Kusini mwaka 2005, wakati pauni moja ilikuwa kama randi 12. Kundi hilo baadaye lilibeba pia benki za Barclays za Kenya, Uganda na Tanzania. Juni 2017, randi zikiwa zaidi ya 16 kwa pauni, Barclays iliuza asilimia 33.7 ya hisa za kundi hilo na kupoteza udhibiti wake. Iliandika hasara ya takriban pauni bilioni 1.4 kwenye mauzo hayo, na sehemu yake kubwa ilikuwa ni tofauti za sarafu zilizokuwa zimelala kwenye akiba kwa miaka. Hakuna fedha iliyotoka siku ile kwa ajili ya sehemu hiyo, na mtaji wa benki haukupungua kwayo, kwani ulikuwa umeshapungua kidogokidogo tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba hasara ilipanda juu ya mstari, mahali ambapo kila mtu huiona.

Kwa maoni yangu, akiba ni mahali panapostahili kwa tofauti za mwaka mmoja mmoja. Haifai kuchukuliwa kama jalala la hasara ambazo hazitarudi, na kanuni yenyewe haimwambii msomaji tofauti ipi itarudi na ipi haitarudi. Hilo analifanya mwenyewe.

Kwa hiyo, mwenye hisa wa benki au kampuni yenye matawi nje ya nchi, taarifa ya mwaka ikitoka usiishie kwenye mstari wa faida. Shuka hadi mapato mengine, tafuta tofauti ya ugeuzaji wa fedha za kigeni, kisha fungua taarifa ya mabadiliko ya mtaji uone limbikizo lake. Panga miaka mitano kwenye karatasi moja. Likiwa linapanda na kushuka, endelea na chai yako. Likiwa linashuka tu kila mwaka, nenda kwenye mkutano mkuu ukaulize ni nchi gani inayolishusha, na bodi ina mpango gani nayo.